Namna ya Kufuatilia Kodi ya Ongezeko la Thamani Kutoka kwa Mzalishaji wa Kwanza Hadi kwa Mnunuzi wa Mwisho

Maswali matatu hurudi kila mara kutoka kwa watu wanaoanza kushughulika na kodi ya ongezeko la thamani. La kwanza ni hili: ikiwa kila muuzaji anatoza kodi, je, bidhaa moja haitozwi kodi mara nne? La pili: kwa nini nimlipe kodi aliyeniuzia malighafi, kisha niipelekee serikali kodi nyingine? La tatu ndilo gumu zaidi: ikiwa wote wanalipa, nani hasa anayeibeba? Yote matatu hujibiwa na zoezi moja la hesabu ambalo unaweza kulifanya mwenyewe kwenye karatasi, nami nakusihi ulifanye kwa mkono badala ya kulisoma tu, kwa sababu kodi hii haieleweki vizuri mpaka mtu aone namba zake zikikutana.

Tutafuata meza moja ya mbao kutoka msituni hadi kwa mtu anayeinunua ili aitumie. Baada ya hapo tutaukata mnyororo huo mahali mbalimbali kwa makusudi, maana hapo ndipo wengi hupotea.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Unahitaji kiwango cha kodi kinachotumika. Hapa nitatumia asilimia 20, kwa kuwa hesabu zake ni nyepesi, lakini viwango hutofautiana: Denmaki hutoza asilimia 25 na Nyuzilandi asilimia 15, na njia ya kukokotoa ni ileile. Unahitaji pia orodha ya wote walioshika bidhaa hiyo kwa zamu, bei ambayo kila mmoja alimuuzia mwenzake bila kodi, na jambo ambalo wengi husahau kuliuliza, yaani kama kila mmoja wao amesajiliwa kulipa kodi hii au la. Ikiwa unafanya kazi na kumbukumbu za biashara halisi, ongeza ankara za kodi za manunuzi na za mauzo za kipindi husika.

Maneno mawili tu ndiyo ya lazima. *Kodi ya mauzo* ni ile unayomtoza mteja wako unapouza. *Kodi ya manunuzi* ni ile uliyotozwa na wale waliokuuzia vitu vya kuendeshea biashara yako. Aliyesajiliwa huipelekea mamlaka ya kodi tofauti kati ya hizo mbili.

Hatua

1. Chora mnyororo wako na uandike hali ya usajili ya kila mmoja.

Katika mfano wetu kuna wanne wanaouza. Mwenye msitu anakata magogo na kuyauza kwa kiwanda cha kupasua mbao. Kiwanda kinauza mbao kwa seremala. Seremala anatengeneza meza na kuiuza kwa duka la samani. Duka linamuuzia mtu anayeipeleka nyumbani kwake. Kwa sasa chukulia kwamba wote wanne wamesajiliwa. Mnunuzi wa mwisho hajasajiliwa, wala hana sababu ya kusajiliwa, kwa kuwa hauzi chochote.

Ili mfano usituelemee, mwenye msitu hakununua kitu chochote kilichotozwa kodi, na wengine walinunua bidhaa moja tu. Biashara halisi hununua pia misumari, gundi, umeme na usafiri, na kila kimoja kina mnyororo wake, lakini kanuni haibadiliki.

2. Tenganisha bei na kodi katika kila mauzo.

Andika bei isiyo na kodi kwanza, kisha kodi, kisha jumla. Magogo yaliuzwa kwa 100, kodi 20, jumla 120. Mbao ziliuzwa kwa 250, kodi 50, jumla 300. Meza iliuzwa dukani kwa 600, kodi 120, jumla 720. Mnunuzi wa mwisho aliuziwa kwa 1,000, kodi 200, jumla 1,200.

*Tahadhari.* Ukipewa bei ambayo tayari ina kodi ndani yake, usiizidishe kwa asilimia 20 ili upate kodi. Asilimia 20 ya 1,200 ni 240, na hilo si jibu sahihi, kwa sababu kiwango kinahesabiwa juu ya bei isiyo na kodi. Kanuni ya kuitoa kodi ndani ya bei ni hii:

```
kodi = bei yenye kodi × kiwango ÷ (100 + kiwango)
1,200 × 20 ÷ 120 = 200
```

Kwa kiwango cha asilimia 20, basi, kodi ni sehemu moja ya sita ya bei yenye kodi, na kwa asilimia 25 ni sehemu moja ya tano. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na ubaya wake ni kwamba halijionyeshi: hesabu inaonekana safi, ilhali muuzaji analipa zaidi ya anachodaiwa katika kila kitu anachouza.

3. Kwa kila muuzaji, toa kodi ya manunuzi kutoka kwenye kodi ya mauzo.

Jedwali la mfano wetu linakuwa hivi:

| Muuzaji | Kodi ya mauzo | Kodi ya manunuzi | Anachopeleka serikalini |
|---|---|---|---|
| Mwenye msitu | 20 | 0 | 20 |
| Kiwanda | 50 | 20 | 30 |
| Seremala | 120 | 50 | 70 |
| Duka | 200 | 120 | 80 |

*Tahadhari.* Mishahara haiingii katika kodi ya manunuzi. Seremala anapomlipa msaidizi wake, msaidizi hamtozi kodi ya ongezeko la thamani, kwa hiyo hakuna kodi ya kudai. Thamani ambayo seremala ameiongeza, yaani 600 kutoa 250, ni 350, na ndani ya 350 hiyo mmekaa mishahara, pango, riba na faida yake. Ukiuliza kwa nini biashara yenye wafanyakazi wengi na malighafi chache hupeleka kodi kubwa ikilinganishwa na mauzo yake, jibu liko hapo.

*Tahadhari nyingine.* Kodi ya manunuzi hudaiwa kwa ankara halali ya kodi yenye nambari ya usajili ya muuzaji, wala si kwa kumbukumbu kwamba fedha zililipwa. Ankara iliyoandikwa kodi na mtu asiyesajiliwa haikupi haki ya kuidai, hata kama umelipa fedha hizo kwa nia njema. Thibitisha nambari hiyo kwa mamlaka ya kodi kabla ya kulipa ankara kubwa.

4. Jumlisha kila kilichopelekwa serikalini.

20 na 30 na 70 na 80 ni 200. Sasa linganisha na asilimia 20 ya bei ya mwisho isiyo na kodi: asilimia 20 ya 1,000 ni 200. Namba hizo mbili lazima zilingane pale ambapo wote katika mnyororo wamesajiliwa na hakuna mauzo yaliyosamehewa kodi. Swali la kwanza limejibiwa hapa. Meza haikutozwa kodi mara nne. Ilitozwa mara moja, asilimia 20 ya thamani yake yote, ila kodi hiyo ilikusanywa katika vipande vinne, kila kipande kikilingana na thamani iliyoongezwa mahali pale: 100, 150, 350 na 400.

Serikali ingeweza kuyasubiri mauzo ya dukani na kuzichukua zote 200 hapo kwa mkupuo mmoja, na zipo nchi zenye kodi ya namna hiyo. Lakini duka likiyaficha mauzo hayo, zote 200 zinapotea. Katika mnyororo wetu, duka likificha mauzo bila kudai kodi ya manunuzi, 120 tayari zimekwisha kukusanywa kutoka kwa wale watatu waliotangulia. Zaidi ya hayo, kila mnunuzi aliyesajiliwa anataka ankara ili apate kudai, na ankara hiyohiyo inaacha alama ya mauzo ya mwenzake.

5. Kagua mfuko wa kila mmoja ili uone nani anayeibeba kodi.

Hapa ndipo swali la pili na la tatu hujibiwa. Kwa kila muuzaji, chukua fedha zote alizopokea, toa zote alizomlipa aliyemuuzia, kisha toa alichopeleka serikalini.

Mwenye msitu alipokea 120, akapeleka 20, akabaki na 100. Kiwanda kilipokea 300, kikamlipa mwenye msitu 120, kikapeleka 30, kikabaki na 150. Seremala alipokea 720, akakilipa kiwanda 300, akapeleka 70, akabaki na 350. Duka lilipokea 1,200, likamlipa seremala 720, likapeleka 80, likabaki na 400.

Kila mmoja amebaki na thamani aliyoiongeza, kamili, kana kwamba kodi haikuwepo. Ile 120 ambayo duka lilimlipa seremala kama kodi ilirudi kwa kupunguza deni lake kwa serikali kutoka 200 hadi 80. Mtu mmoja tu hana mahali pa kuirudishia, naye ni aliyeinunua meza ili aitumie. Alilipa 1,200 kwa kitu chenye thamani ya 1,000, na hana kodi ya mauzo ya kupunguzia zile 200. Kwa hiyo, wote wanne wanapeleka fedha serikalini, lakini wanapeleka fedha zake.

Lazima niweke mpaka hapa, kwa sababu maelezo mengi huishia kwenye sentensi hiyo kana kwamba ni sheria ya maumbile. Kodi imeundwa ili imfikie mnunuzi wa mwisho, ila soko ndilo linaloamua kama itamfikia yote. Tuseme wanunuzi hawako tayari kulipa zaidi ya 1,140 kwa meza hiyo. Kodi iliyo ndani ya 1,140 ni 190, na bei isiyo na kodi ni 950. Duka linapeleka 190 kutoa 120, yaani 70, na linabaki na 350 badala ya 400. Mnunuzi ndiye aliyelipa zile 190 kwenye risiti, lakini duka nalo limeumia kwa 50 kutokana na bei iliyokataa kupanda. Unapofanya makisio ya biashara yako, usichukulie kwamba kodi yote itahamia kwa mteja bila kugusa faida yako.

6. Sasa ukate mnyororo mahali pamoja, na urudie hesabu.

Katika hali halisi si wote waliosajiliwa. Nchi nyingi huwaacha nje wafanyabiashara ambao mauzo yao ya mwaka hayajafikia kiasi fulani, na baadhi ya bidhaa na huduma husamehewa kodi. Asiyesajiliwa hatozi kodi anapouza, na wakati huohuo hana haki ya kudai kodi aliyotozwa aliponunua. Wengi huona nusu ya kwanza peke yake na kudhani kwamba kutosajiliwa daima hupunguza bei. Inategemea amesimama wapi katika mnyororo.

*Mkato mwanzoni.* Tuseme mwenye msitu hajasajiliwa. Anauza magogo kwa 100 bila kodi. Kiwanda hakina cha kudai, kwa hiyo kinapeleka zote 50 badala ya 30. Wengine hawabadiliki: 70 na 80. Jumla ni 50 na 70 na 80, yaani 200 zilezile, na mnunuzi bado analipa 1,200. Kodi ambayo mwenye msitu hakuipeleka imekusanywa yote hatua inayofuata.

*Mkato mwishoni.* Tuseme wengine wote wamesajiliwa isipokuwa duka. Duka linanunua meza kwa 720, halina la kudai, kwa hiyo gharama yake ni 720 na si 600. Likiongeza 400 yake, linauza kwa 1,120 bila kodi. Serikali inapata 20 na 30 na 70, yaani 120. Bei imeshuka kutoka 1,200 hadi 1,120. Angalia, hata hivyo, kwamba haikushuka hadi 1,000: kodi ya hatua zilizotangulia imejificha ndani ya bei, ingawa risiti haionyeshi kodi yoyote.

*Mkato katikati.* Hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Tuseme seremala peke yake hajasajiliwa. Ananunua mbao kwa 300, na ile kodi ya 50 iliyo ndani yake inakuwa gharama yake, kwa kuwa hawezi kuidai. Anaongeza 350 yake na kuliuzia duka kwa 650 bila kodi. Duka halina kodi ya manunuzi ya kudai. Linaongeza 400, linafika 1,050, kisha linatoza asilimia 20, yaani 210. Mnunuzi analipa 1,260.

Serikali imepata 20 kutoka kwa mwenye msitu, 30 kutoka kiwandani, sifuri kutoka kwa seremala, na 210 kutoka dukani: jumla 260. Mtu mmoja ametoka katika mfumo wa kodi, na kodi imepanda kutoka 200 hadi 260. Zile 60 za ziada zina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni 50 iliyokwama kwa seremala ikageuka kuwa gharama. Sehemu ya pili ni 10, yaani asilimia 20 ya hiyo 50, kwa sababu duka lilipotoza kodi juu ya 1,050 liliitoza kodi hata ile kodi iliyokuwa imekwama. Hiyo ndiyo kodi juu ya kodi, na ndilo tatizo lililokuwa katika kodi za zamani zilizotozwa kwenye kila mauzo bila kurudisha kitu. Mfaransa Maurice Lauré ndiye anayehesabiwa kuwa mbunifu wa mfumo ulioliondoa, ambao Ufaransa iliuanza mwaka 1954, na Ujerumani Magharibi iliiacha kodi yake ya namna ile mwaka 1968 ikahamia kwenye mfumo huu. Mkato wa katikati huurudisha ugonjwa huo kimyakimya ndani ya mfumo uliobuniwa kuutibu.

7. Tumia matokeo hayo kuamua kuhusu usajili wa hiari.

Ikiwa mauzo yako hayajafikia kiasi cha kulazimisha usajili, na sheria inakuruhusu kusajiliwa kwa hiari, usiamue kwa kusikia wengine wamefanyaje. Angalia nani anayenunua kwako.

Chukua seremala wetu. Akiuza kwa duka lililosajiliwa bila yeye kusajiliwa, gharama ya duka ni 650. Akisajiliwa, anaandika ankara ya 720, lakini duka linadai 120, kwa hiyo gharama yake halisi ni 600. Kwa mteja huyu seremala aliyesajiliwa ni nafuu kwa 50, ingawa bei iliyo chini ya ankara yake inaonekana kubwa zaidi. Lakini akiwauzia watu wa kawaida moja kwa moja, wao hawadai chochote: bila usajili anawauzia kwa 650, akisajiliwa ni 720. Kwao usajili umeongeza bei kwa 70. Seremala mwenye wateja wa aina zote mbili apime uzito wa kila upande katika mauzo yake, aongeze gharama ya kuweka vitabu na kuwasilisha ritani, ndipo aamue.

8. Tofautisha kiwango cha sifuri na msamaha wa kodi.

Kwa mnunuzi, yote mawili huonekana sawa, kwa kuwa risiti haina kodi. Kwa muuzaji, tofauti ni kubwa. Tuseme duka letu linaiuza meza nje ya nchi, na mauzo ya nje yanatozwa kwa kiwango cha sifuri, kama ilivyo kawaida katika kodi hii. Kodi ya mauzo ni sifuri, lakini duka bado lina haki ya kudai 120. Serikali inairudisha, na jumla inayobaki kwake ni 20 na 30 na 70 kutoa 120, yaani sifuri. Meza inavuka mpaka kwa 1,000 bila chembe ya kodi ndani yake, na nchi inakofika itaitoza kodi yake yenyewe pale mpakani.

Mauzo yakisamehewa kodi badala ya kutozwa sifuri, duka linapoteza haki ya kudai, na tunarudi kwenye ule mkato wa mwishoni: 120 inakuwa gharama na bei inakuwa 1,120.

*Tahadhari.* Biashara inayouza vitu vinavyotozwa kodi pamoja na vilivyosamehewa hairuhusiwi kudai kodi yote ya manunuzi. Inadai ile inayohusu mauzo yanayotozwa kodi, na kodi ya gharama za pamoja, kama vile umeme wa jengo zima, hugawanywa kwa uwiano ambao sheria ya mahali husika inauelekeza.

Hesabu zikikataa

*Jumla ya kodi ni kubwa kuliko asilimia ya bei ya mwisho.* Ukipata kodi iliyopita kiwango, tafuta mkato wa katikati. Pita kila ankara ya manunuzi isiyo na kodi, kisha uulize aliyeitoa alinunua kwa nani. Katika mfano wetu dalili ilikuwa ankara ya 650 isiyo na mstari wa kodi. Ukipata mkato huo, kodi iliyokwama ni ile aliyotozwa mtu huyo aliponunua, nayo huongezewa asilimia ya kiwango inapotozwa tena mbele.

*Jumla ni ndogo.* Ama mkato uko mwishoni, ama mtu mmoja alitoza kodi na hakuipeleka. Hali ya pili ni nzito. Ikiwa seremala aliichukua 120 kutoka dukani kisha akatoweka, na duka likadai 120 hiyo kutoka kwa serikali, basi serikali inarudisha fedha ambazo haikupata kuzipokea zote. Ulaghai mkubwa wa kodi hii hujengwa juu ya pengo hilo, na mnunuzi aliyekuwa na sababu ya kushuku anaweza kunyimwa dai lake. Bei iliyo chini sana ya soko kutoka kwa msambazaji mpya asiyejulikana ni sababu ya kutosha ya kuuliza.

*Muuzaji mmoja ana namba hasi.* Huenda si kosa. Tuseme meza ilikaa dukani ikachubuka, ikauzwa kwa 540 pamoja na kodi. Kodi iliyo ndani ni 90. Duka lilikwisha kutozwa 120, kwa hiyo linadai 30. Jumla ya mnyororo ni 20 na 30 na 70 kutoa 30, yaani 90, ambayo ni asilimia 20 ya 450 kamili. Thamani ilipungua dukani, na kodi ikaifuata. Namba hasi huonekana pia mwezi ambao biashara imenunua mashine au shehena kubwa kabla ya kuuza. Baadhi ya mamlaka hurudisha fedha hizo, nyingine huzihamishia kwenye kipindi kinachofuata, kwa hiyo usizihesabu kama fedha ulizo nazo mkononi.

*Hesabu ni sahihi lakini fedha za kulipa kodi hazipo.* Mara nyingi sababu ni wakati. Pale kodi inapohesabiwa kwa tarehe ya ankara, seremala anadaiwa 70 yake hata kama duka litamlipa baada ya miezi miwili. Kodi aliyoitoza haikuwa mapato yake hata siku moja, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuiweka katika akaunti tofauti mara inapoingia. Ya pili ni kuuliza kama sheria inawaruhusu wafanyabiashara wadogo kuhesabu kodi kwa tarehe ya malipo badala ya tarehe ya ankara. Mteja asipolipa kabisa, nchi nyingi huruhusu kuirudisha kodi ya deni hilo baada ya muda na masharti fulani, mradi ankara na ushahidi wa kudai deni vimehifadhiwa.

*Tofauti ni ya senti chache.* Hiyo hutokana na kukadiria. Ukikokotoa kodi kwa kila bidhaa kisha ukajumlisha, hutapata daima namba ileile unayoipata ukikokotoa kodi juu ya jumla ya ankara. Chagua njia moja inayokubaliwa na mamlaka yako, uitumie kwenye ankara zote, na uhakikishe kwamba mfumo wako wa mauzo na leja yako vinatumia njia hiyohiyo.